Alamu ya friza usiku: nimpigie bosi baada ya dakika ngapi?

Nahodha_Mkavu: Jamani wa Malindi na kwengineko nisaidieni. Nasimamia chumba cha baridi cha samaki, joto likipanda juu ya -12 mtambo unapiga simu, kwanza mimi, nisipojibu dakika 30 unampigia mwenzangu, 30 nyengine bosi. Kuna usiku mzigo ulitulainikia, sasa bosi ataka iwe dakika 5. Mimi naona 5 ni kuamshana bure, mlango ukifunguliwa tu joto linaruka. Nyinyi mwasemaje?

Bi_Tangawizi: Wapigieni wote watatu kwa pamoja, mambo yaishe.

MamaShela: Sie hapa Lamu tulifanya hivyo na tangi la maji, kila mmoja akajua mwenzake kaenda, tukaamka maji hakuna 😂

Fundi_Kompresa: Kwa hesabu yako bosi anapigiwa baada ya saa nzima. Lakini kabla ya dakika, hebu tuambie, usiku wenyewe nani alipigiwa na akafanya nini?

Nahodha_Mkavu: Nilipigiwa mimi saa nane usiku.

Fundi_Kompresa: Ukapokea?

Nahodha_Mkavu: Nilipokea, nikabonyeza 1 nikarudi kulala, usingizi bana, sikumbuki hata. Asubuhi mzigo umelainika.

Fundi_Kompresa: Basi hata ungeweka dakika 2 mwenzako asingepigiwa. Hiyo 1 ni kusema nimeshika, na ngazi nzima inasimama hapo. Tafuta kwenye seting muda wa kuamsha tena: umekubali lakini dakika 20 zapita joto bado liko juu, alamu ianze upya kutoka kwako, na ngazi iendelee. Na mlango usikusumbue, alamu ingoje joto likae juu dakika 10 ndipo ipige.

Mzee_Dau: Vijana wa siku hizi kazi ya usiku hamuiwezi.

Kibaraza: Uzi wa kutunga huu. Chumba cha -18 kilichojaa, mlango umefungwa, hakilainiki kwa usiku mmoja.

Nahodha_Mkavu: Wallahi si uongo!! Mlango haukufungwa sawasawa, mlinzi alitoa barafu. Na pia nishatengeneza, wa pili sasa ni laini yangu ya Telkom, wa kwanza ya Safaricom, nikikosa moja nitapata nyengine.

Fundi_Kompresa: Zote kwenye simu moja?

Nahodha_Mkavu: Ndiyo, ya laini mbili. Mwenzangu ana mtoto mchanga, sitaki kumuamsha.

Fundi_Kompresa: Chaji ikiisha zote zimekufa, na wewe ukilala hivyo hivyo utabonyeza 1 mara mbili. Rudisha mwenzako, mpangiane wiki kwa wiki. Na Ijumaa mchana ijaribuni, wewe usipokee makusudi, muone kama inamfikia.

Kibaraza: Mlinzi naye ana simu? Ndiye aliye karibu na mlango.

Nahodha_Mkavu: Anayo ya kitufe. Ila bosi haamini mlinzi… nimuweke wa kwanza kweli?