Pochi imebaki kwa tuktuk Chennai

*Kikundi: Ukoo wa Nyamasaria. Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi.*

Mama Brayo: Watu wangu mko macho? Nimepoteza pasipoti. Ile pochi nyeusi nimeiacha kwa tuktuk tukitoka hospitali, nilikuwa namshika mama mkwe, Dani wenu, asianguke, nageuka hivi tuktuk imeshaenda. Ndani kulikuwa na pasipoti, kadi ya benki, funguo zangu na pesa kidogo. Simu ndio ilibaki juu nilikuwa nimeishika mkononi

Trizah Lanet: Woi anti 😢 Dani ako sawa?

Mama Brayo: Amelala. Pasipoti yake iko, niliiweka kwa faili ya hospitali. Ni yangu tu. Na ndege ni Jumanne

Mama Mkubwa Risper: Hizi tuktuk yawa! Mimi kitambulisho changu kilibaki kwa tuktuk ya Kondele nikaenda polisi wakaniandikia abstrakti, nikalipia kingine nikangoja weee, ata mkopo wa chama nilikosa. Enda tu polisi, abstrakti inatosha

Anko Odhis: Risper, abstrakti haipandi ndege

Baba Lavender: Andikieni ubalozi wa India hapo Nairobi, si ndio walimpatia viza. Wapigie simu wenzao Chennai wamruhusu apite

Anko Odhis: Viza ni yao lakini pasipoti ni ya Kenya shem. Aliyeitoa ndiye anaweza kukupa kitu mahali pake. Anaandikia ubalozi wetu ulioko New Delhi. Wahindi tutawarudia baadaye, kuna kazi yao pia

Baba Lavender: Basi aingie eCitizen aombe nyingine

Anko Odhis: Pasipoti kamili ni vidole na picha na kungoja, hawezi kuipata kabla ya Jumanne. Anachoomba ni hati ya dharura ya kusafiria. Ni safari moja tu, ya kurudi nyumbani, akishafika hapa imekwisha kazi ndio sasa aombe pasipoti mpya taratibu. Miaka niliyokaa kwa ofisi ya tiketi pale Kisumu niliona watu wakirudi nayo kutoka kila mahali

Anko Odhis: Mama Brayo, umeenda polisi?

Mama Brayo: Bado. Mwenye gesti anasema ningoje kwanza labda dereva atarudisha, ati ni watu waaminifu

Anko Odhis: Enda saa hii. Na useme IMEPOTEA, usiseme imeibiwa, juu wewe mwenyewe umesema uliiacha. Ukisema kitu kingine kwa polisi na kingine kwa imeili wataanza kukuuliza maswali. Angalia wameandika namba ya pasipoti kwa ile karatasi, siyo "pochi nyeusi" tu

Kevo: Na dereva akirudisha kesho je?

Anko Odhis: Hapo ndio watu huungua. Ikisharipotiwa kwa ubalozi inafutwa, na namba inaweza kuingia kwa orodha ya Intapol ya hati zilizopotea. Akirudisha kesho aipokee, amshukuru, lakini asisafiri nayo. Atasimamishwa kwa dawati la eyapoti na Dani kwa kiti cha magurudumu

Mama Brayo: Sawa naenda. Lakini namba siijui kwa kichwa

Trizah Lanet: Anti si ulinitumia picha ya pasipoti nikikuombea viza? Ngoja nitafute... iko! Naiweka hapa

Anko Odhis: USIWEKE HAPA Trizah. Huku tuko watu 43 na wengine siwajui ata. Mtumie yeye na Kevo pembeni

Mama Mkubwa Risper: Wengine ni akina nani huwajui Odhis 😂

Anko Odhis: Na Mama Brayo muulize mwenye gesti, huko India wageni kutoka nje huandikwa kwa fomu ya serikali, lazima alipiga kopi ya pasipoti na viza yako siku ile mmeingia. Hiyo kopi ya viza ni muhimu, ya Trizah haina viza

*Saa nne na robo.*

Kevo: Nimeandika. Anti akiwa kwa polisi muangalie:

"Kwa Mheshimiwa Balozi, natumai u mzima wa afya kwa neema za Mwenyezi Mungu. HARAKA HARAKA HARAKA!!! Mimi ni mama wa watoto watatu ninayeteseka katika nchi ya ugeni. Siku ya leo tulitoka hospitali tukapanda tuktuk ya kijani na manjano na dereva alikuwa na masharubu..."

Anko Odhis: Kevo hii ni barua ya harambee

Baba Lavender: Mimi imenigusa

Anko Odhis: Anayesoma si balozi, ni ofisa wa konsula na ako na imeili nyingi asubuhi. Anataka kujua mambo mawili. Wewe ni Mkenya kweli, na hati inatakikana kabla ya siku gani. Hizo "haraka" tatu kila mtu huandika. Haraka yako ni tarehe ya tiketi na barua ya daktari inayosema mgonjwa hawezi kusafiri peke yake, hiyo hakuna mtu atabishana nayo. Weka tarehe kwa kichwa cha imeili, mtu aione kabla hajafungua

Kevo: Na viza yake? Ni ile ya siku 60 ya mtu anayesindikiza mgonjwa

Anko Odhis: Inaisha lini?

Kevo: Waliingia Januari, inaisha tarehe 20 Machi. Ijumaa ijayo

Anko Odhis: Sema hivyo. Akipitisha hiyo siku ni shida ingine kabisa. Na hapo ndio Wahindi wanaingia sasa: akipata hati yetu, haina muhuri wala viza yao, kwa hivyo anaomba kibali cha kutoka kwa ofisi yao ya wageni, inaitwa FRRO, maombi ni ya mtandaoni. Watataka hati ya ubalozi na ripoti ya polisi. Kwa hivyo Jumanne siyo siku yake ya mwisho, siku yake ya mwisho ni kabla ya hapo. Ofisa wa Delhi anajua lakini mkumbushe

Trizah Lanet: Ticket yao inapitia wapi, Dubai?

Kevo: Chennai Mumbai, halafu Mumbai Nairobi moja kwa moja

Anko Odhis: Afadhali sana. Na hati ya dharura kupitia nchi ya tatu ni bahati nasibu, shirika la ndege linaweza kukataa ata kukupakia

Baba Lavender: Kuna kijana namjua Nakuru anasema ako na mtu ndani, elfu ishirini inatoka leo

Anko Odhis: Shem tafadhali

Mama Brayo: Nimetoka polisi. Namba wameandika. Mara ya kwanza waliandika jina la baba mbele nikawaambia wapange kama kwa pasipoti wakaandika upya. Kopi ya gesti iko na viza inaonekana vizuri. Kevo weka kwa Kiswahili kwanza nihakikishe kila kitu ndio uigeuze Kiingereza, sitaki kusaini kitu sijaelewa

*Saa sita kasorobo.*

Kevo: Haya. Mahali nimeweka nukta namba kamili ziko kwa ile ya kutuma

"Kichwa: Pasipoti imepotea Chennai. Naomba hati ya dharura, ndege ni Jumanne 17 Machi

Kwa Ofisa wa Konsula,

Mimi ni raia wa Kenya, niko Chennai. Jina langu kama lilivyo kwa pasipoti ni ..., nimezaliwa Kisumu tarehe ..., kitambulisho namba .... Pasipoti namba ... ilitolewa Kenya tarehe .... Ilipotea leo, Alhamisi 12 Machi, nilipoisahau ndani ya tuktuk. Nimeripoti polisi leo hii, namba ya ripoti ni ....

Naomba hati ya dharura ya kurudi Kenya. Ninamsindikiza mama mkwe wangu wa miaka 71 aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo. Daktari ameandika kwamba hawezi kusafiri bila msaidizi. Tiketi zetu ni za Jumanne 17 Machi, Chennai hadi Mumbai, kisha Nairobi. Viza yangu inaisha tarehe 20 Machi, na nikishapata hati bado nitahitaji kibali cha kuondoka India kutoka FRRO.

Naomba mniambie kama ni lazima nije Delhi mwenyewe, au maombi yanaweza kupokelewa kwa imeili na hati kutumwa kwa kuria, kwa kuwa mgonjwa hana mtu mwingine huku. Naomba pia mniambie ada na namna ya kulipa. Kadi yangu ya benki ilipotea pia, familia italipa kutoka Kenya.

Nimeambatisha kopi ya pasipoti na viza, kitambulisho, ripoti ya polisi, barua ya daktari na tiketi. Napatikana kwa WhatsApp namba ..., simu ya gesti ..., na mpwa wangu Kisumu namba ...."

Mama Brayo: Iko sawa. Ni upasuaji wa pili lakini wacha tu

Anko Odhis: Sasa hii mtu anaisoma dakika moja na anajua cha kufanya. Viambatisho weka pidiefu moja, siyo picha kumi na moja za WhatsApp zimelala upande. Anwani toa kwa tovuti ya ubalozi wenyewe. Na utume SASA. Wao wako mbele yetu masaa mawili na nusu. Delhi wakifungua saa tatu, Nairobi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ofisini hakuna mtu, na lazima waulize Nairobi kama hiyo pasipoti ni yako kweli. Ikilala leo tumebaki na Ijumaa peke yake

Kevo: Imeenda

Anko Odhis: Piga simu pia. Waambie imeili yenye kichwa fulani imeingia saa fulani. Imeili bila simu inaweza kulala

Mama Mkubwa Risper: Kwani Jumanne akikosa, Dani atakaa huko na nani?

Anko Odhis: Nitaulizia tiketi, labda kuna nafasi Jumatano au Alhamisi. Kubadilisha kuna pesa lakini tusiseme mengi sasa

*Saa kumi.*

Kevo: WAMEJIBU. Wamepokea, wanaangalia na Nairobi. Wanataka picha mbili za pasipoti nyuma nyeupe na kopi ya cheti cha kuzaliwa. Ya kwenda Delhi wamesema watamwambia baada ya kuthibitisha

Trizah Lanet: Kwa hivyo hatujui bado

Anko Odhis: Hatujui. Lakini wanafanya kazi. Picha apige leo jioni, cheti kiko wapi?

Mama Brayo: Kwa sanduku la chuma chini ya kitanda changu, bahasha ya kaki, pamoja na taitoli ya shamba. Kevo enda uchukue, piga kopi safi mbele na nyuma

Kevo: Niko kwa boda naelekea. Ufunguo wa sanduku uko wapi anti?

Mama Brayo: Uko kwa pochi

Kevo: Pochi gani

Mama Brayo: Ile ya tuktuk Kevo. Vunja kufuli