Naomba ushauri: mkopo wake umenipandishia mchango wangu

Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tunachangia kodi, umeme na chakula kulingana na mshahara unaofika mkononi. Yeye alikuwa anapata 600, mimi 400 (nimerahisisha tarakimu), kwa hiyo kwenye matumizi ya 300 alitoa 180, mimi 120. Hapo hatukuwahi kugombana.

Mwezi uliopita kachukua mkopo wa pikipiki yake, unakatwa 200 juu kwa juu kazini. Sasa hati yake ya mshahara inasoma 400. Akapiga hesabu upya: nusu kwa nusu, 150 kila mmoja. Yaani nimeongezewa 30 kwa pikipiki ambayo hata sijaipanda!

Nimemwambia tutoe kodi ya serikali na makato ya lazima tu, kisha mkopo wake turudishie juu ndipo tugawane. Anajibu kwamba hizo 200 hazishiki, atazichangiaje? Kwa hesabu yangu, akitoa 180 bado anabaki na 220.

Je, mkopo wa mtu binafsi mnauhesabu vipi? Na ungekuwa wa kiwanja chetu wote, ingekuwaje?