Soko la mayai ya roleksi Kampala: juu kwenda chini napata bilioni 955, chini kwenda juu bilioni 26. Mwekezaji nimpe ipi?

Dada_Trei

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mwenzangu tuna kampuni changa. Tunachukua mayai kwa wafugaji wa Wakiso na Luwero, alfajiri tunawafikishia wauza roleksi, zile chapati za kukunja na mayai, vibandani kwao. Trei tunaiuza 12,000, na baada ya kumlipa mfugaji tunabaki na 1,000. Karibuni tunakaa na mwekezaji, na tumekwama kwenye slaidi ya ukubwa wa soko.

Hesabu ya kwanza tulianzia juu. Sensa ya 2024 inasema Uganda nzima tuko milioni 45.9. Tukakadiria kila mtu yai moja kwa wiki, ikaja trei milioni 79.6 kwa mwaka, yaani shilingi bilioni 955.

Ya pili tulianzia chini. Tulihesabu vibanda vya Wandegeya, Kikoni, Kalerwe na Bwaise jioni, tukawauliza wenyewe wanamaliza trei ngapi. Wastani ukaja tatu kwa siku. Tukakuza kwa idadi ya watu wa Kampala, tukapata vibanda 2,400. Kwa siku 300 za kazi ni trei milioni 2.16, sawa na bilioni 25.9.

Mwenzangu anataka tuweke ile ya kwanza. Mimi naogopa maswali. Mnasemaje?

Bosi_Ntinda

Weka ya kwanza bila kusita. Mwekezaji akiona soko dogo anafunga kompyuta yake. Sema tu mnalenga asilimia 1 ya bilioni 955, hiyo ni bilioni 9.5, nani atabisha asilimia 1? Na ugeuze iwe dola, gawa kwa 3,700 hivi.

Mfugaji_Luwero

Dada mimi nina kuku 2,000 wa mayai. Mnachukua trei kwa bei gani shambani, na mnalipa papo hapo? Chakula cha kuku kimetukaba huku.

Dada_Trei

Mzee nakuandikia pembeni, hapa nahangaika na slaidi kwanza.

Mzee_Kalamu

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka kadhaa, nikisoma slaidi za vijana. Bosi ana haki kwenye jambo moja: mwekezaji anataka kuona kuna nafasi ya kukua. Lakini ile asilimia 1 ndiyo inayomchosha kuliko zote, kwa sababu haisemi hao wateja ni akina nani wala mtawafikiaje. Ukiulizwa "kwa nini si asilimia 0.1?" huna jibu.

Dada, usichague kati ya hizo mbili. Zigonganishe. Punguza ya juu hatua kwa hatua mpaka ikutane na ya chini, kisha utazame zinapokataa kukutana. Hapo ndipo kosa lilipojificha.

Tuanze na eneo. Hamuuzi Gulu wala Kabale, kwa hiyo milioni 45.9 inatoka. Wakazi wa Kampala yenyewe ni kama milioni 1.8. Kwa kadirio lenu la yai moja kwa wiki, jiji zima linakula trei milioni 3.12 kwa mwaka. Sasa weka hiyo kando ya milioni 2.16 ya vibanda vyenu. Inamaana roleksi peke yake inakula karibu asilimia 70 ya mayai yote ya Kampala, na majumbani, mashuleni, mahotelini na kwenye keki zote inabaki asilimia 30. Unaamini hiyo? Mimi siamini.

Basi kimojawapo kimepinda. Huenda mtu wa Kampala anakula zaidi ya yai moja kwa wiki. Huenda vibanda mmevizidisha. Huenda pia walaji wengi hawalali Kampala, maana Wakiso ina watu milioni 3.4 na wengi wao mchana wako mjini. Mimi nashuku vibanda. Kikoni na Wandegeya ni mitaa ya wanafunzi wa Makerere, hakuna mahali pana roleksi nyingi kuliko pale. Mmechukua pembe iliyonona kuliko zote mkaitandaza Kampala nzima, hadi Kololo kwa matajiri. Na mlihesabu muhula ukiwa umefunguliwa?

Halafu hilo yai moja kwa wiki mmelitoa wapi? UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, wana utafiti wa kaya unaouliza watu walikula nini siku 7 zilizopita. Ni bora kuliko kukisia, ila angalia mtego wake: mayai yaliyonunuliwa kwa ajili ya nyumbani yana mstari wake, chakula cha kula nje kina mstari mwingine. Yai lililoingia kwenye roleksi halionekani kama yai. Yaani takwimu hiyo inaruka wateja wenu hasa.

Mwisho, shilingi. Bilioni 955 ni thamani ya mayai. Mnanunua na kuuza, kwa hiyo kuyaita mauzo si uongo, lakini kinachobaki mkononi ni 1,000 kati ya 12,000. Weka mistari yote miwili kwenye slaidi. Asipoiona hiyo ya pili ataitafuta mwenyewe, na atakapoipata hatakuamini tena hata kwenye yale uliyosema kweli.

Mpika_Nakawa

Mimi napika roleksi stendi ya Nakawa, naomba niseme. Ukiniuliza jioni nimemaliza trei ngapi, nitakutajia siku nzuri. Siyo kusema uongo, ndiyo inayokaa kichwani. Tena kuna jirani anasikiliza.

Ukitaka kweli, njoo tukifunga uangalie trei tupu chini ya meza. Tunazitunza, maana anayeleta mayai anataka trei zake arudishiwe, la sivyo anakukata hela. Zihesabu siku ya kazi, zihesabu na siku ya mvua. Mimi ya mvua ni moja na nusu.

Na msihesabu kila anayekaanga chapati. Wengine wanauza kikomando tu, chapati na maharage, yai hawagusi. Ukipita barabarani wote unawaona sawa.

Lingine. Anayeniletea mimi ananiachia asubuhi, namlipa jioni. Mkija na mayai ya kulipa papo hapo, hata mkipunguza 500, simwachi.

Fundi_Mbarara

Kwetu tuliuza vipuri vya matangi ya kupozea maziwa. Tulihesabu matangi ya wilaya nzima, tukajiona tuna soko. Kumbe mengi yalikuwa na fundi wa kampuni iliyoyauza, mwenye mkataba, hata mlangoni hufiki. Hesabu ya matangi ilikuwa sahihi kabisa, ila ya wateja haikuwa. Huyo wa Nakawa anakwambia jambo lile lile.

Bosi_Ntinda

Sawa, lakini mkikatakata hivi mtabaki na soko la kuchoma kahawa mtaani. Nani ataweka hela?

Dada_Trei

Asanteni sana, na Mzee wangu hasa. Tumerudi mtaani. Safari hii tuligawa jiji kwa aina ya mahali: mitaa ya wanafunzi, stendi na masoko, mitaa ya kupanga kama Kisaasi, na mitaa ya mageti kama Muyenga. Kila aina tulihesabu peke yake na kuikuza peke yake. Muyenga ni aibu, unatembea barabara ndefu unakuta kibanda kimoja karibu na walinzi. Kikomando tuliwaondoa. Trei tulizihesabu tupu, usiku.

Vibanda vimeshuka hadi kama 1,500, na wastani ni trei mbili. Hiyo ni trei 900,000 kwa mwaka. Mauzo bilioni 10.8, kinachobaki milioni 900, kama dola 243,000. Nikiweka kando ya ile milioni 3.12 ya Mzee inakuwa asilimia 29, inaingia akilini. Ila nimevunjika moyo kidogo. Na hapo ni kama tungepata vibanda vyote, jambo lisilowezekana.

Mzee_Kalamu

Sasa una namba inayoweza kusimama. Jaribu na upande wa mlaji: trei 900,000 ni mayai milioni 27. Roleksi ya mayai mawili, ni roleksi milioni 13.5. Kwa watu milioni 1.8 ni saba na nusu kwa mtu kwa mwaka. Kuna mtoto mchanga na kuna mwanafunzi anayekula kila siku, kwa hiyo haishangazi. Kama ni kitu, iko chini kidogo. Angalia kama hamkukosa wale wa usiku wa manane, na wale wa asubuhi wanaofunga kabla hamjafika.

Ya mwaka wa kwanza usiitoe kwenye asilimia, itoe kwenye pikipiki. Pikipiki moja inafikia vibanda vingapi kabla ya saa moja asubuhi?

Dada_Trei

25, ikiwa ni mtaa mmoja. Tunazo nne.

Mzee_Kalamu

Basi vibanda 100, trei mbili, siku 300: trei 60,000. Zinabaki milioni 60 kabla ya kulipa waendeshaji, mafuta, mayai yanayovunjika, na hela inayolala nje kama mtawakopesha akina Nakawa. Hiyo ndiyo namba atakayoikagua baada ya miezi michache, kwa hiyo andika ile mnayoweza kuifikia.

Kuhusu udogo, Bosi hajakosea kuuliza. Soko la mayai ya roleksi Kampala, kwa faida ya 1,000, ni biashara nzuri ya familia, lakini kwa mwekezaji anayetaka hela yake irudi mara kumi ni dogo. Mnaweza kulipanua kwa haki: kibanda hicho hicho kinanunua unga wa ngano na mafuta ya kupikia kila siku, pengine kwa hela nyingi kuliko mayai. Ila mhesabu mifuko na madumu kama mlivyohesabu trei. Msikimbilie takwimu ya ngano ya nchi nzima.

Bosi_Ntinda

Au waende Wakiso, Jinja na Mbarara na mayai yale yale. Kwa nini unga? Unga una wenyewe kule kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, na faida yake ni nyembamba kuliko ya yai.

Mpika_Nakawa

Unga mimi nachukua Kikuubo mwenyewe, ukileta mlangoni kwa bei ile ile nakubali. Mafuta vilevile. Lakini jioni nalipa.

Mzee_Kalamu

Bosi, Jinja inadai ghala jipya na wafugaji wapya, unga unapanda pikipiki ile ile. Lakini kuhusu faida ya unga unaweza kuwa sahihi, sina bei za jumla za sasa. Dada, kabla ya kuingiza unga kwenye slaidi ya soko, uliza bei ya mfuko mmoja Kikuubo na bei anayolipa huyu wa Nakawa.

Dada_Trei

Naenda kesho asubuhi. Mpika, naomba nikupitie ukifunga?

Mpika_Nakawa

Njoo saa nne usiku, upande wa stendi ya bodaboda. Utazikuta trei chini ya meza.