Kaseti ya Mario au Sonic kwa kibanda cha Mwanjelwa?

Kibanda_Mwanjelwa: Habari zenu wakuu. Jumamosi nanunua gemu moja la kibandani, Super Mario Bros. au Sonic the Hedgehog. Watoto wakiguswa na adui wanapoteza nguvu, wananuna na kuondoka. Lipi linawavumilia zaidi?

Mama_Uyole: Kaka, hujasema una mashine gani wala unatoza vipi. Kaseti ya Sonic haiingii kwenye mashine ya Mario.

Mtwivila88: Kamwene! Chukua Sonic. Mario anapoteza nguvu kwa sababu mashine za 1985 zilikuwa na kumbukumbu ndogo, mstari wa afya usingetosha.

Fundi_Soweto: Hapana ndugu yangu. Mega Man ya 1987 ilitoka kwenye mashine hiyohiyo na ina mstari wa afya. Kwa Mario, nguvu ndiyo afya yenyewe. Mdogo akiguswa anakufa. Akila uyoga anakua, anavunja matofali, na mguso unaofuata unamrudisha udogoni badala ya kumuua. Mwenye ua la moto naye hashuki ngazi moja, anarudi mdogo kabisa. Mwangalie akishaguswa: anamemeteka kidogo, na hapo haguswi, apate kukimbia. Tena boksi ambalo lingempa ua akiwa mkubwa, akiligonga akiwa mdogo linatoa uyoga.
Sonic anatumia pete. Akiwa na hata moja hafi, zinamwagika zote na kudundadunda, anawahi kuokota chache. Kwa mtoto mdogo hiyo ni nafuu kubwa.

Mtwivila88: Lakini Mario akipata nyota hafi.

Fundi_Soweto: Adui hamwezi, tena ni kwa muda mfupi. Shimo linamuua hata akiwa na nyota.

Binti_Kihesa: Jamani, shida ni maisha ya ziada! Nilikuwa na kibanda hapa Iringa, natoza shilingi 200 mpaka maisha yaishe. Kijana mmoja kwenye Mario alifika hatua ya 3-1, ngazi za mwishoni, akawa anamrukia kobe palepale bila kushuka chini. Kila mruko maisha moja. Foleni ikafika nje, mimi natazama tu. Namba ya maisha ikageuka alama zisizosomeka. Kisha akatumbukia shimoni mara moja tu, ikaandika GAME OVER. Alilia sana, nikamrudishia hela yake.

Fundi_Soweto: Dada, alipita 127. Juu ya hapo mashine inasoma namba kama hasi, ukifa mara moja umekwisha.

Kibanda_Mwanjelwa: Kumbe! Mimi pia natoza mpaka maisha yaishe. Mashine yangu ni ya kaseti za njano.

Mama_Uyole: Basi Sonic unahitaji mashine nyingine kabisa. Na ungetoza kwa dakika.

Mtwivila88: Kwa dakika watoto watakimbia. Abaki hivyohivyo, awakataze kobe.

Kibanda_Mwanjelwa: Jirani anauza Sega ya zamani, mashine ya Sonic, ila sijaiona ikiwaka.

Binti_Kihesa: Usilipe kabla hujaicheza pale pale kwake.