Cherehani ya Mwanaidi
(Kundi la Majirani, Mishomoroni)

Mwanaidi: Asalaam aleikum. Cherehani yangu imefika na basi kutoka Nairobi. Nimempa kijana wa boda risiti, akaichukua Mwembe Tayari. Sasa saa nzima anazunguka. Anasema yuko msikitini, nami hapo msikitini simwoni!

Salim: Dada, tuma lokesheni tu. Maelezo ya nini siku hizi?

Mwanaidi: Nimetuma. Imempeleka nyuma ya ukuta, hakuna njia.

Bakari wa boda: Uliituma ukiwa ndani?

Mwanaidi: Ee, sebuleni.

Bakari wa boda: Ndiyo maana. Simu ikiwa chini ya bati au zege haipati setilaiti vizuri, nukta inahama. Toka uani, subiri kidogo, uangalie imeandikwa sahihi kwa mita ngapi. Ikisoma 80 ni kama kunitajia mtaa mzima. Ikishuka karibu na 10 ndipo utume. Hata hivyo nukta haisemi mlango umetazama wapi.

Mama Zuhura: Mimi vijana hawataki kabisa kuja Likoni, ati foleni ya feri. Mizigo yangu yote nakutana nao upande wa kisiwani. Kwa miguu navuka bure, narudi nayo kichwani.

Bi Rukia: Mwelekeze lile duka la kijani, mwanangu.

Mwanaidi: Bi, lilipakwa nyekundu mwezi uliopita.

Bakari wa boda: Rangi ya duka msiiamini, kampuni za matangazo zinapaka upya kila mara. Mwanaidi, ulimwambiaje?

Mwanaidi: "Msikitini, kichochoro cha kushoto."

Bakari wa boda: Kushoto kwa nani?

Mwanaidi: Nikitoka kwangu.

Bakari wa boda: Yeye anatoka daraja la Nyali, anakuja ukimwelekea. Kushoto kwako ni kulia kwake. Na misikiti hapa ni mingi, huenda yuko kwengine kabisa. Mpigie, umuulize anaona nini mbele yake, usimuulize yuko wapi. Kisha umwanzishe steji: apite vichochoro vitatu, aingie cha nne mkono wake wa kulia, asimame kwa fundi viatu.

Bi Rukia: Na huyo fundi akienda kuswali?

Bakari wa boda: Kibanda chake hakiondoki, Bi.

Mwanaidi: Alikuwa msikiti wa chini, karibu na kisima. Anakuja. Nimetoka nje.

Salim: Siku nyengine aache dukani kwa Mzee Athumani, yeye hafungi.

Mama Zuhura: Ikipotea hapo, nani analipa? Mzee hakutia saini popote.

Salim: Kwani mtu ataiba cherehani dukani?

Bakari wa boda: Mama Zuhura ana haki. Mimi nikiacha dukani napiga picha mzigo ukiwa mkononi mwa mwenye duka, namtumia mwenyewe kabla sijaondoka. Kulipa sijui.

Mwanaidi: Imefika! Boksi limebonyea pembeni, naifungua mbele yake kabla sijamlipa.