Natengeneza karanga za mayai, pakiti nauza 400 kwa maduka, faida siioni. Hesabu yangu ina shida wapi?

MamaSalha_Mbagala

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, hasa wale wanaotengeneza vitafunwa na kusambaza madukani.

Nakaanga karanga za mayai nyumbani. Mkupuo mmoja natumia karanga kilo 2 (9,000), unga wa ngano kilo moja na robo (2,500), sukari nusu kilo (1,500), mayai 6 (2,400), chumvi, hiliki na vanila tufanye 600. Mafuta nahesabu nusu lita, 3,000. Vifuko 3,000. Jumla 22,000. Zinatoka pakiti 72 za gramu 50.

Nilitaka faida ya asilimia 30. Nikachukua 22,000 nikaongeza asilimia 30, nikapata 28,600. Nikagawa kwa 72, ikaja 397, nikaona niweke 400. Maduka yananunua kwangu 400, yenyewe yanauza 500.

Kwa hesabu hiyo kila mkupuo unatakiwa uniachie kama elfu sita na mia sita hivi. Lakini nikienda sokoni kununua karanga za mkupuo unaofuata najikuta naongezea hela ya mfukoni. Mzigo unatoka vizuri, wala sidaiwi. Nipandishe bei? Au nimekosea wapi?

Kijana_wa_Hesabu

Dada hesabu yako iko sawa kabisa. 22,000 mara 1.3 ni 28,600, hakuna cha kubishana hapo. Shida unakula mtaji. Hela ya karanga inaingia kwenye kibubu kimoja na hela ya mboga na ya vocha. Tenga simu nyingine ya biashara, laini yake peke yake, hela ya maduka iingie huko na isiguswe. Utaiona faida.

Tamu_na_Chungu

Dada vanila unayotumia ni ya unga au ya maji? Zangu zikipoa unga unabanduka, karanga inabaki uchi. Nimejaribu kuongeza mayai, bado.

MzeeWaKantini

@Tamu_na_Chungu fungua uzi wako, hapa tunaongelea bei. (Ila punguza majimaji, unga uweke kidogo kidogo huku unatikisa beseni.)

Mama Salha, Kijana amesema jambo la kweli kuhusu kibubu, lakini hata ukitenga laini tatu, hiyo 6,600 haipo. Nimesambaza vitumbua, visheti na karanga kwenye kantini miaka mingi, nikisoma orodha yako naona vitu vinne havimo: gesi, nauli, mkono wako, na pakiti zinazorudi.

Kabla sijapiga hesabu, nijibu haya. Mtungi wako ni wa kilo ngapi na unatosha mikupuo mingapi? Sokoni unaendaje? Nani anafungasha? Katika hizo 72, ngapi zinalipwa kweli? Na hiyo nusu lita ya mafuta umeipima au umekadiria?

MamaSalha_Mbagala

Shikamoo mzee. Mtungi ni ule mdogo wa kilo 6, najaza kwa 24,000, unaenda kama mikupuo 12. Karanga nafuata Tandika, kwenda na kurudi na mzigo ni 3,000, nanunua za mikupuo miwili. Kufungasha mimi na binti wa dada. Yeye simlipi, ila nampa cha kwake.

Pakiti zinazorudi zipo, tatu nne hivi. Zinalainika, au kifuko kinapasuka mwenye duka anasema badilisha. Mafuta nimekadiria kwa macho.

MzeeWaKantini

Marahaba. Sasa twende pamoja.

Gesi 24,000 kwa mikupuo 12 ni 2,000. Nauli 1,500. Kazi yenu wawili, kuchambua, kukaanga, kupoza, kufungasha, siyo chini ya nusu siku. Nimeweka 4,500, na hapo nimewadhulumu. Ongeza kwenye 22,000 yako, inakuja 30,000.

Pakiti usigawe kwa 72. Zinazokulipa ni 68. 30,000 kwa 68 ni 441. Yaani pakiti inayokugharimu 441 unaiuza 400. Ukiitoa kazi yenu, gharama ni 25,500, pakiti inakuwa 375, kwa hiyo inakubakia 25. Mara 68 ni 1,700 kwa mkupuo mzima. Karanga zikipanda mia tano kwa kilo, elfu moja imeshaondoka. Ndiyo maana unaongezea hela ya mfukoni.

Mafuta pima leo leo. Mimina kwa chupa ya lita, ukimaliza acha yapoe, chuja, rudisha kwenye chupa. Kilichopungua ndicho ulichotumia. Nikiangalia kiasi chako sitashangaa ikikaribia robo tatu ya lita. Na karanga pima baada ya kuchambua. Zile zenye ukungu na zilizonyauka unazitupa (na uzitupe kweli, zina sumukuvu, kuzikaanga hakuiondoi), kwa hiyo kilo 2 uliyolipia siyo kilo 2 iliyoingia kwenye beseni.

Halafu kuna hiyo asilimia 30. Ukiongeza asilimia 30 juu ya gharama, katika kila mia inayoingia mkononi faida ni 23 tu. 6,600 gawa kwa 28,600 utaona. Kama unachotaka ni kwamba katika kila mia unayopokea thelathini iwe yako, gharama inabaki sabini. Basi gharama unaigawa kwa 0.7. Huizidishi kwa 1.3.

Kijana_wa_Hesabu

Mzee sasa unamchanganya. Faida ni faida. Asilimia 30 ya mtaji ndiyo watu wote wanahesabu hivyo mtaani.

MzeeWaKantini

Hesabu upendavyo, mradi ujue umeshika ipi. Shida inakuja ukiongea na duka. Mwenye duka akikwambia anataka asilimia 20, anamaanisha ya bei ya rafuni kwake. Wewe ukimjibu kwa asilimia ya mtaji mtakubaliana kwa mdomo na kila mtu ana namba yake kichwani.

Dukani_Kwa_Babu_J

Naongea kama mwenye duka, Kigamboni huku. Pakiti ya 500 nataka mia yangu. Ukiniletea kwa 450 naichukua moja kwa kukuonea aibu halafu siiweki mbele. Na usije na bei ya 550. Hamsini sina ya kurudisha, mteja ananuna, anachukua biskuti anaondoka. Vitafunwa ni 200, 500 au 1,000, basi.

MamaSalha_Mbagala

Sasa nimeogopa. 441 gawa kwa 0.7 nimepata 630. Duka nalo likiweka yake inafika karibu 800. Nani atanunua karanga gramu 50 kwa 800?

MzeeWaKantini

Hakuna. Ndiyo maana kwa vitu vyetu hivi bei unaianza na sarafu ya mteja, unarudi nyuma mpaka kwenye mizani.

Mteja ana 500. Duka linachukua mia, kwako inafika 400. Thelathini katika mia ni 120, ni yako. Inabaki 280, humo ndani gharama yote lazima iingie. Kifuko ni 40, inabaki 240 ya karanga yenyewe.

Sasa gramu moja inakugharimu ngapi? Toa vifuko kwenye 30,000, inabaki 27,000. Pakiti 68 za gramu 50 ni gramu 3,400. 27,000 kwa 3,400 ni karibu shilingi 8 kwa gramu. Kwa hiyo 240 inanunua gramu 30. Pakiti yako ya 500 inayopitia dukani ni ya gramu 30. Wewe umekuwa ukiwapa 50.

Dukani_Kwa_Babu_J

Gramu 30 ngumu mzee. Jirani yangu analeta za 500, nilizipima kwa mizani ya sukari zikawa 40 na kidogo. Mteja anashika pakiti mbili, anachukua nzito.

SwahibuMvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nauza krisps za muhogo, pakiti ya 20 na ya 50. Mihogo ikipanda bei sigusi, napunguza gramu. Ila nililia nilipopunguza nikabaki na kifuko kile kile: kikawa kinacheza hewa, wateja wakaniita mwizi mchana kweupe. Nikatafuta kifuko chembamba zaidi, gramu zile zile, maneno yakaisha. Na huko kwenu hamuuzi shuleni? Mimi nusu ya mzigo wangu hauoni duka.

MzeeWaKantini

Swahibu amegusa penyewe. Mama Salha, ukiuza mwenyewe kwa 500, bila duka, hesabu inabadilika. Thelathini katika mia ni 150, inabaki 350, toa kifuko 40, 310 kwa shilingi 8 ni kama gramu 38. Weka 40 na faida inakuwa 28 katika mia, siyo mbaya.

Kwa duka, kama anachosema Babu J ni kweli na jirani analeta 40, gramu 30 utakaa nazo. Weka 35: gharama 280 na kifuko 40 ni 320, unabakiwa na 80 katika 400. Ni asilimia 20. Hupati thelathini yako, lakini na kazi yenu imelipwa humo. Ila kumbuka gramu zikipungua pakiti zinaongezeka, zinakaribia mia, na kufungasha kunakula muda zaidi. Hiyo 4,500 ya kazi itapanda kidogo.

Kijana_wa_Hesabu

Mimi bado nasema apandishe iwe 1,000 pakiti kubwa. Watu wa ofisini wananunua.

MzeeWaKantini

Ya 1,000 kwa duka: 800 inafika kwako, sabini katika mia ni 560, kifuko kikubwa tuseme 60, inabaki 500, ni gramu 62. Mbili za gramu 30 unaziweka kwenye kifuko kimoja, hakuna muujiza. Unachookoa ni kifuko na muda wa kufunga. Kwa ofisini jaribu, kwa Mbagala sina uhakika.

MamaSalha_Mbagala

Asanteni sana. Nimeenda kwa jirani kuazima mizani ya jikoni nikapima pakiti zangu kumi za jana. Hazikuwa 50! Nyepesi kabisa ilikuwa 49, nzito 61. Binti anajaza kwa kikombe mpaka juu.

Nitajaribu 35 kwa maduka na 40 nikipeleka mwenyewe kwa mafundi cherehani na kule shuleni. Kifuko chembamba nitatafuta Kariakoo. Mafuta pia nimepima, kutoka lita mbili imerudi lita moja na robo.

MzeeWaKantini

Basi gramu moja imeshapanda, siyo 8 tena. Robo lita ya ziada ni 1,500, inakuja 28,500. Na kama pakiti zilikuwa nzito hivyo, gramu zilizotoka nazo zilikuwa nyingi kuliko 3,400, hiyo inaivuta chini. Pima mkupuo mzima ukishapoa, kabla ya kufungasha, kisha gawa upya.

Tamu_na_Chungu

Mzee nimepunguza majimaji, zimeshika. Sasa swali: mafuta yaliyokaangia karanga mara tatu mnayahesabu bei ya mapya au nusu?