Wakuu, winchi inakata ikishusha mzigo: niongeze rezista au nirudishe umeme kama magari ya umeme?

Mleta uzi: Habari zenu. Karakana yetu Temeke ina winchi ya tani 2, inainua mita 10 kwa mwendo wa mita 8 kwa dakika. Tumeifungia inveta ya 400 V ya kuongoza mwendo wa mota. Kupandisha haina shida. Kushusha mzigo kamili, sekunde chache tu inakata, inaandika OV, yaani volti zimezidi. Nilinunua rezista ya wati 200, siku ya pili ikaungua. Bosi anasema magari ya umeme yanarudisha umeme kwenye betri, kwa nini sisi tuuchome kwenye rezista?

Mzee wa Paneli: Ongeza muda wa kupunguza mwendo kwenye inveta. Mimi kwenye feni kubwa ilimaliza kabisa.

Fundi Winchi: Mzee, kwa feni uko sahihi, maana ikipewa muda inapunguza mwendo yenyewe. Mzigo unaoning'inia hauchoki. Unaivuta mota njia nzima, mota inageuka jenereta, volti za ndani ya inveta zinapanda kutoka 565 hadi inajikata.

Mleta uzi, piga hesabu: kilo 2,000 mara 9.81 mara mita 0.133 kwa sekunde ni kama wati 2,600. Toa msuguano wa gia na joto la mota, chukulia wati 2,000 zinaingia kwenye rezista kwa sekunde 75. Ya kwako ilitengenezwa kwa kusimamisha kwa muda mfupi. Tafuta ya kazi ya winchi inayobeba wati hizo mfululizo, ila omu zake zisiwe chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha inveta. Ifungwe mahali penye hewa, mbali na nyaya.

Mama Bajaji: Bajaji yangu ya umeme nikitoka nyumbani betri imejaa, mteremkoni haikamati kama jioni. Ni ugonjwa huohuo?

Fundi Winchi: Ndugu yake wa karibu, dada. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo kontrola inapunguza kukamata. Tumia breki za miguu hapo. Betri ikipungua, ni ghala zuri.

Winchi haina ghala. Kila mshusho ni kama uniti 0.05, tena kabla ya hasara. Mishusho 20 kwa siku, haifiki uniti moja. Kifaa cha kurudisha umeme kwenye gridi hakitajilipa mapema. Kreni inayoshusha mchana kutwa, hapo ningemuunga mkono bosi.

Mleta uzi: Umeme ukikatika tunatumia jenereta. Kingekubali?

Fundi Winchi: Kama taa na mashine nyingine hazili umeme huo, jenereta inasukumwa na volti zinaweza kupanda. Sijui mzigo wenu, upime kwanza. Ila breki ya springi kwenye mota usiiguse. Umeme ukikatika mzigo ukiwa juu, ni hiyo tu inayoushika. Rezista haishiki kitu kilichosimama.

Mzee wa Paneli: Hapo kwenye breki nakubali. Muda wa kupunguza mwendo bado nitajaribu kwangu.